Dozi tisa zilizomwagwa: uchambuzi wa hotuba moja ya kumuaga muuguzi

Rasimu ya kwanza niliiandika kwa dakika arobaini, na nilipoimaliza nilijiona nimepatia. Ilimsifu kwa uchapakazi, uadilifu, upendo kwa wagonjwa na kujituma. Ilisema ameokoa maisha ya maelfu ya watoto, na ikamalizia kwa kumtakia maisha marefu yenye baraka. Nikampelekea mganga mfawidhi wetu, ambaye ndiye angeisoma. Akaisoma amesimama, akaniuliza swali moja tu: "Hapa ukifuta jina lake ukaweka la dereva wetu aliyestaafu mwaka juzi, kuna sentensi itakayoharibika?" Haikuwapo hata moja.

Kisa kilitokea mwaka 2025 kwenye kituo cha afya kilicho upande wa milima ya Upare, Kilimanjaro. Muuguzi tuliyekuwa tunamuaga aliajiriwa mwaka 1995, na sasa alikuwa anatimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma. Miaka yote thelathini, ukiondoa vipindi vya masomo, alikuwa kliniki ya mama na mtoto. Kijijini wanamwita Mama Chanjo, na humu nitamwita hivyo hivyo. Mimi ni tabibu, lakini kwenye kamati ya sherehe nilipewa ukatibu, na katibu ndiye huangushiwa hotuba.

Kabla ya kurudi mezani tulipanga ukumbi kichwani, yaani nani atakaa wapi na atasikia nini. Mgeni rasmi angetoka ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Wangekuwapo watumishi wa kituo, diwani, padri na shehe, ndugu zake waliotoka Dar es Salaam na Moshi, na akina mama wa kijijini, ambao baadhi yao Mama Chanjo aliwachanja wao wenyewe wakiwa wachanga, kisha akaja kuwachanjia watoto wao. Mshereheshaji alitupa dakika saba. Niliposoma rasimu kwa sauti nikiangalia saa, nikipumzika pale ambapo watu wangecheka, ukurasa mmoja ulikula karibu dakika tatu. Kwa hiyo tulikuwa na kurasa mbili na kipande. Nafasi hiyo inatosha mambo matatu yanayosimuliwa vizuri. Ukitaka kutaja kumi, utayataja tu.

Yale matatu tungeyapata wapi? Mwenyewe huwezi kumuuliza, kwa sababu atasema hajafanya kitu. Niliwafuata watu wanne: mhudumu wa afya mwenzake aliyefanya naye kazi miaka mingi, mratibu wa chanjo wa zamani ambaye sasa amestaafu, mama mmoja wa kitongoji cha juu kabisa, na binti yake wa pili. Sikuwauliza "alikuwa mtu wa namna gani", maana swali hilo linarudisha majibu ya rasimu yangu ya kwanza. Niliwauliza, "Ni siku gani alifanya jambo ambalo mwingine asingelifanya?" Halafu nikaingia stoo kutafuta maandishi: leja za chanjo, chati za joto la friji na rejesta zilizofungwa kwa kamba ya katani. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa, na hapo ndipo ile sentensi ya "maelfu ya watoto" ilipokufa. Rejesta hazikutimia, na hata zingetimia, idadi ya waliochanjwa si idadi ya waliookolewa. Mratibu mstaafu alinionya: "Kwenye ukumbi ule kutakuwa na watu wanaojua hesabu za chanjo. Usimpe mama wa watu sifa ambayo mtu ataisahihisha akiwa anakula pilau."

Onyo hilo lilifuta na kitu kingine. Niliandika kwamba "alileta" chanjo mpya kituoni: ile ya pamoja inayokinga magonjwa matano mwaka 2009, ya kuhara na ya nimonia mwaka 2013, ya mlango wa kizazi kwa wasichana mwaka 2018. Lakini hizo zililetwa na serikali nchi nzima. Kilichokuwa chake ni kazi iliyofuata. Kila chanjo mpya ilipokuja, kadi, ratiba na maelezo kwa akina mama vilibadilika, na yeye alilazimika kukaa benchini na kuanza kueleza upya. Tukaandika hivyo, kwa sentensi moja, tukasonga mbele.

Jambo la kwanza tulilolichagua lilikuwa usiku wa friji. Miaka hiyo kituo hakikuwa na umeme, na friji ya chanjo ilikuwa ya mafuta ya taa. Watu hudhani hatari ya friji ya namna hiyo ni utambi kuzima na chanjo kupata joto. Hiyo ni hatari kweli, lakini huku milimani wakati wa kipupwe kuna nyingine isiyopiga kelele. Moto ukiachwa ulivyokuwa mchana, usiku wa baridi friji inavuka mpaka na chupa zinaganda. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Ya surua huvumilia kuganda, ila ya dondakoo, kifaduro na pepopunda ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Asubuhi moja ya siku ya kliniki alifungua friji, akakuta kipimajoto kimeshuka chini ya sifuri. Chupa zilikuwa majimaji, hazina barafu. Nje akina mama walishajaa, wengine wameamka saa kumi alfajiri. Mtu angeweza kuchanja tu na hakuna ambaye angejua, kwa sababu mtoto aliyepewa chanjo iliyokufa halii tofauti na mwingine. Yeye alisimamisha sindano hiyo, akawaomba akina mama msamaha, akawapimia watoto uzito na kuwapa matone ya polio, kisha akawapangia kurudi. Siku ile alichukua chupa moja ya toleo lile lile akaigandisha makusudi usiku kucha. Kesho yake akaiyeyusha, akaitikisa pamoja na ile aliyoitilia shaka, akaziweka mezani bega kwa bega na kusubiri. Chanjo nzima hubaki na ukungu muda mrefu, iliyoganda hutuama haraka na kuacha maji maangavu juu. Za kwake zilituama sawasawa na ile aliyoigandisha. Akaziandika zote kuwa zimeharibika, akaweka sahihi yake, na lawama ya wilayani akaibeba.

Kwenye hotuba tulikuwa na kishawishi cha kueleza jaribio zima. Tulilifupisha, maana diwani na padri hawakuja darasani. Hivi ndivyo lilivyosomwa:

"Asubuhi ile Mama alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi: achanje, akina mama wafurahi, kitabu kionekane kizuri. Ya pili ilikuwa kuwaambia watu waliotembea saa tatu mlimani kwamba leo sindano hii hakuna, warudi. Alichagua ya pili. Na nasikia siku hiyo alisemwa kwa Kipare fasaha ambacho mimi Mchaga sikuwa nimewahi kukisikia."

Utani ulianzia hapo, na ndio ulionisumbua kuliko kitu chochote kwenye kazi hii. Rasimu ya pili ilikuwa na vichekesho vitatu, na vyote nilivitupa. Kimoja kilihusu ukali wake kwa akina mama wanaochelewa kliniki. Kila mtumishi angekicheka, lakini mhudumu mwenzake alinikumbusha kwamba mama mmoja aliyewahi kugombezwa hivyo alimpoteza mtoto baadaye, na atakuwa amekaa safu ya tatu. Kingine kilihusu uzee na miwani yake. Hicho hakikumuumiza mtu, ila kilikuwa cha kila mstaafu duniani. Cha tatu kilihusu mafao na kikokotoo, ambacho siku hizi ndicho kichekesho cha kila sherehe ya kustaafu. Binti yake alinisihi nikiondoe. Ukitaja kiinua mgongo kwenye kipaza sauti, alisema, unawatangazia ndugu, wakopeshaji na matapeli kwamba mama ana fedha, na asubuhi yake watapiga hodi.

Kilichotuokoa ni utani wa makabila. Mganga mfawidhi ni Mchaga, Mama Chanjo ni Mpare, na watani hao wanaruhusiwa kuambiana lolote: Mpare ni bahili, Mchaga anapenda hela. Lakini utani wa ubahili peke yake umezeeka. Ukisemwa bila kazi yoyote, watu wanacheka kwa adabu tu. Ulihitaji kushikana na jambo alilolifanya, na leja ikatupatia.

Chanjo ya surua huja kama unga kwenye chupa ya dozi kumi. Ukishaichanganya na maji yake, una muda wa saa sita tu, zinazobaki ni za kumwaga. Kwa hiyo mtoto mmoja akija peke yake, muuguzi anajikuta kwenye mtihani: afungue chupa nzima kwa ajili yake na kumwaga tisa, au amwambie mama arudi siku ambayo watoto watakuwa wengi? Maelekezo yanasema fungua. Muuguzi mwenye chupa mbili zilizobaki kwenye friji, na mratibu atakayeuliza kwa nini upotevu ni mkubwa, huvutika kusema rudi. Na mama aliyeambiwa rudi mara nyingi harudi.

Kwenye leja moja nilikuta mstari wa mwandiko wake: chupa iliyofunguliwa 1, aliyechanjwa 1, zilizomwagwa 9. Pembeni, mahali pasipo na safu ya kuandikia maelezo, ameandika kwa herufi ndogo, "Mama ametoka mbali." Niligeuza kurasa, nikakuta mistari mingine ya namna hiyo: tisa, nane, tisa. Hapo nilikaa chini kwenye gunia la vyandarua, nikaandika aya nzima bila kufuta neno:

"Ndugu zangu, sisi Wachaga tumeishi na watani wetu Wapare miaka mingi, na tunajua mkono wa Mpare ulivyo. Mpare akinunua kiberiti anahesabu njiti. Sasa nina ushahidi wa maandishi, nimekuja nao. Leja hii hapa. Mpare huyu alifungua chupa ya dozi kumi, akachanja mtoto mmoja, akamwaga tisa. Mpare, amemwaga tisa! Na hakulia. Wiki iliyofuata akarudia. Mama, kwa niaba ya Wachaga wote, tunaomba radhi kwa yote tuliyowahi kusema."

Ukitazama aya hiyo utaona kwa nini ilisimama. Anayechekwa kwanza ni Mpare wa hadithi, si yeye. Yeye ndiye anayeivunja ile hadithi, kisha msemaji anaomba radhi, kwa hiyo kicheko kinamwishia msemaji mwenyewe. Wale wasiojua lolote kuhusu chanjo walishaelewa kwamba dozi tisa zilimwagwa kwa sababu ya mtoto mmoja, bila kuhubiriwa. Aya hii ingesomwa na mtu asiye mtani wake, tuseme mgeni rasmi, ingekuwa matusi. Kama wewe si mtani, mwazime mtani akusomee, au uache.

Jambo la tatu lilikuwa boksi la viatu. Kabla ya kompyuta kufika kituoni, Mama Chanjo alikuwa na boksi lililogawanywa kwa makaratasi magumu katika miezi kumi na miwili. Mtoto akichanjwa, nakala ya kadi yake inawekwa kwenye mwezi anaotakiwa kurudi. Mwisho wa mwezi kadi zilizobaki ndani ndizo za watoto ambao hawakuja, na hizo alizigawa kwa vitongoji, akazibeba kwenye huduma ya mkoba. Njia hiyo hakuibuni yeye, inafundishwa. Ila vituo vingi huianzisha mwezi wa kwanza na kuitupa wa tatu. Hotuba ilisema hivyo bila kuzidisha: "Boksi hili ni la viatu namba 39. Viatu vyenyewe vilikwisha zamani. Boksi liko hapa." Mganga akaliinua. Kuinua kitu halisi kulifanya kazi ya aya mbili ambazo nilizifuta.

Hotuba tuliipanga kwa kuhofia siku yenyewe. Usiku wa friji ulikuja kwanza, kwa sababu ndio mzito na watu bado wanasikiliza. Dozi tisa zilikuja katikati, kuwaamsha. Boksi la viatu tuliliweka mwisho kama kipande kinachoweza kukatwa kisionekane kimekatwa. Hili si woga wa bure, kwa kuwa sherehe za namna hii huwa zinakula muda kuanzia mwanzoni. Na kweli mgeni rasmi alichelewa, kwaya ikaongeza wimbo, na mshereheshaji akaja kuninong'oneza kwamba dakika saba zimekuwa tano. Boksi likabaki na zile sentensi tatu tu. Salamu nazo tulizibana: badala ya kutaja kila mheshimiwa, "itifaki imezingatiwa" ikapita, na hakuna aliyenuna.

Aya ya kufunga iliandikwa ikimwelekea yeye moja kwa moja, si ukumbi. Nilitaka ibebe chati za joto la friji, kwa sababu zilinigusa. Joto linatakiwa kusomwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, hata sikukuu. Nikiwa stoo nilikuwa nimeangalia miezi ya Desemba na siku za Idi, nikitarajia mapengo. Hayakuwapo. Ikasomwa hivi:

"Mama, Krismasi ya watu wote ilikuwa na wali na kuku. Ya kwako ilikuwa na wali, kuku na kipimajoto. Tumefungua chati zako, tukatafuta siku moja tu uliyoiruka. Hatukuiona. Asante kwa asubuhi zote na jioni zote."

Ukumbi ulisimama. Wanawake wa kitongoji cha juu walipiga vigelegele, na wawili wakaja kumtunza mbele. Mganga mfawidhi alirudi kukaa amelowa jasho, akanipa ishara ya dole gumba. Nami nikajua nimepatia, kwa mara ya pili.

Ndipo Mama Chanjo aliposimama kushukuru. Hakuwa ameandika kitu. Alimshukuru Mungu, akawashukuru wenzake, akamwambia mtani wake kwamba radhi imepokelewa lakini deni la mbuzi liko pale pale. Watu wakacheka sana. Kisha akasema kuna kosa dogo kwenye hotuba, na hangependa aondoke likiwa limebaki.

"Hizo chati mmesema ni zangu. Zitazameni vizuri. Saba zangu mimi sizikati katikati. Zilizokatwa katikati ni za Babu."

Babu ni mlinzi wetu wa usiku. Alikuwa amesimama mlangoni na rungu lake, kwa sababu hata siku ya sherehe mtu lazima alinde geti. Mama Chanjo alieleza kwamba Krismasi nyingi alikuwa kwa wakwe zake Usangi, na Babu ndiye aliyefungua mlango, akasoma kipimajoto kwa tochi na kuandika, baada ya kufundishwa na yeye. Hata asubuhi ile ya friji kuganda, aliyemgongea dirisha alfajiri kumwambia kwamba namba imekaa vibaya alikuwa Babu.

Nilikuwa nimezishika chati zile kwa mikono yangu siku tatu. Niliwahoji watu wanne na sikumhoji mtu ninayemsalimia kila jioni nikitoka. Jumatatu niliingia stoo nikazitoa tena. Saba zenye mkato zilikuwa nyingi kuliko nilivyotaka, na mwaka kesho Babu naye anastaafu.